Baada ya tathmini: umuulize bosi "mbona", "maoni yoyote" au "ni lini"?

Ukitoka kwenye kikao cha tathmini na alama ambayo hukuitarajia, unabaki na hamu mbili kwa wakati mmoja. Moja ni kujua ulipungukiwa wapi. Nyingine ni kujitetea. Zote mbili ni halali, ila zikiingia kwenye ujumbe mmoja, bosi atajibu ile ya kujitetea na nyingine itapita bila kuonekana. Hapa ninalinganisha namna tatu za kuomba mrejesho baada ya tathmini. Zote nimezitumia mwenyewe kwa meneja yuleyule, nilipokuwa afisa mikopo wa taasisi moja ndogo ya fedha Tabora mjini. Tofauti ya majibu niliyopata ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza hali yenyewe ilivyokuwa, maana bila hiyo ulinganisho hauna mguu wa kusimamia.

Mwaka wetu wa kazi uliishia Juni 30. Nilikuwa na salio la mikopo la shilingi milioni 80. Kati ya hizo, milioni 6.4 ilikuwa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, yaani asilimia 8, wakati lengo lilikuwa isizidi asilimia 5. Wasiofanya kazi hii wajue kwamba mteja akichelewa, linahesabiwa salio lote la mkopo wake, siyo rejesho alilokosa peke yake. Sasa, katika hizo milioni 6.4, milioni 4.1 zilikuwa za wakulima wa tumbaku wa Sikonge na Urambo. Mkulima wa tumbaku huwezi kumdai Juni kama unavyomdai muuza mitumba. Masoko yanakuwa yameanza, marobota yamepimwa, lakini malipo yanapitia chama cha msingi cha ushirika na yeye bado anasubiri. Ukiondoa wakulima, nilikuwa chini kidogo ya asilimia 3, ndani ya lengo kabisa.

Nikapewa 3 kati ya 5, na chini yake sentensi moja: "Ufuatiliaji wa wateja uimarishwe."

Niliisoma sentensi ile nikaona naonewa. Hesabu ya tumbaku nilikuwa nayo kichwani tangu Mei.

Ujumbe wa kwanza: "mbona"

Usiku uleule, saa mbili, niliandika kwa WhatsApp:

"Shikamoo mama. Nimeona tathmini yangu. Mbona nimepewa 3 wakati mikopo mingi iliyochelewa ni ya tumbaku na wewe unajua? Naomba kujua vigezo vilivyotumika."

Asubuhi jibu likaja: "Marahaba. Vigezo vipo kwenye fomu. Kama unapinga alama, andika kwa utaratibu."

Mlango ulifungwa kwa adabu, na niliufunga mimi. Tazama maneno. "Mbona" katika Kiswahili halitafuti habari. Linabeba lawama tayari, ndiyo maana tunamwambia mtu "mbona umechelewa?" tukiwa tumeshajua amechelewa. "Na wewe unajua" linamweka bosi kizimbani. "Naomba kujua vigezo" linasikika kama barua ya wakili hata likitanguliwa na shikamoo. Meneja akisoma hayo anafanya ambalo mtu yeyote angefanya: anarudi kwenye fomu, maana fomu ndiyo inayomlinda.

"Kwa nini" ni pole kuliko "mbona", lakini haiko mbali nayo. Ukimuuliza mtu kwa nini alikupa 3, unamwomba aitetee 3 yake. Na akishaitetea kwa mdomo wake, itamwia vigumu zaidi kuona upande wako mwezi ujao. Ulichopata ni hoja, na kwa hoja huwezi kubadilisha namna unavyofanya kazi Jumatatu.

Ujumbe wa pili: "maoni yoyote"

Huu niliutuma mwaka uliotangulia, nilipokuwa bado mgeni na nikitaka nionekane msikivu:

"Asante sana mama kwa tathmini. Niko tayari kupokea maoni yoyote ili nijiboreshe zaidi."

Alijibu: "Asante. Uko vizuri, ongeza bidii tu."

Wengi wangeuchagua huu, na naelewa sababu. Una heshima, hauna ubishi. Kwa kulinganisha na wa kwanza, angalau hauharibu. Lakini hauleti kitu. Umemtupia meneja kazi yote: akumbuke mwaka mzima, achague jambo, apime kama utaumia, kisha aliandike kwa simu. Meneja aliyetoka kutathmini watu 11 wiki hiyo hana nguvu hizo. Zaidi ya hapo, kwetu "maoni yoyote" ni maneno ya heshima tu, kama "karibu chakula" anayoambiwa mpita njia. Anayeambiwa anajua jibu linalotarajiwa ni "asante, nimeshiba".

Ubaya wake uliojificha ni kwamba unakupa moyo wa uongo. Mimi nilisoma "uko vizuri" nikaamini niko vizuri, nikaingia mwaka mwingine na kasoro ileile aliyokuwa ameshaiona.

Ujumbe wa tatu: "ni lini, ni mteja gani"

Siku tisa baada ya ule wa "mbona", nilituma huu:

"Shikamoo mama. Ujumbe wangu wa wiki iliyopita niliuandika kabla sijaisoma fomu vizuri. Nimeirudia, na nimebaki kwenye sentensi ya ufuatiliaji wa wateja. Naomba dakika 15 Alhamisi au Ijumaa kabla hatujafungua. Ningependa unitajie mteja mmoja au wiki moja ambapo uliona ufuatiliaji wangu haukutosha, na wewe ungefanyaje. Napanga ratiba yangu ya ziara ya Julai hadi Septemba."

Jibu: "Marahaba. Ijumaa saa moja na nusu. Njoo na daftari lako la ziara."

Kilichobadilika siyo upole. Ule wa pili ulikuwa mpole kuliko huu. Kilichobadilika ni kwamba swali sasa lina mipaka. Linashika sentensi yake mwenyewe, siyo alama. Linaomba tukio: mteja, wiki. Mtu akiulizwa "lini" au "wapi" anakumbuka jambo lililotokea, na jambo lililotokea linaweza kuzungumzwa bila yeyote kushinda. Kisha lina sehemu ya mbele, ratiba ya miezi mitatu, inayomwonyesha kwamba atakachosema kitatumika.

Utaona pia hakuna "siyo kwamba napinga". Maneno hayo tunayaandika kwa nia njema, lakini anayeyasoma anawaza kupinga hapohapo. Kama hupingi, uliza kama asiyepinga, inatosha. Samahani nayo ilikaa sentensi moja. Ukiomba radhi kwa aya nzima, bosi anaacha swali lako na kuanza kukutuliza: "usijali, hamna shida". Mrejesho umeishia hapo.

Kilichotokea Ijumaa

Nimesema niliingia na hesabu ya tumbaku kichwani. Nilijilazimisha nisiitoe kwanza.

Mama alifungua daftari langu la ziara, akatafuta mwezi wa Mei, akaweka kidole kwenye ukurasa. Akamtaja mteja mmoja muuza vitenge sokoni, mwenye mkopo wa shilingi milioni 1.2. Rejesho lake la Mei 9 halikuingia. Akaniuliza nilienda lini. Nikamwambia nilienda tarehe 11 na tarehe 16, mtoto wake alikuwa amelazwa, duka limefungwa. Akageuza daftari upande wangu. Tarehe 11 hapakuwa na kitu. Tarehe 16 hapakuwa na kitu. Habari ya mtoto aliyelazwa niliiandika kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, tarehe 31.

Akasema: "Makao makuu waliniuliza tarehe 20. Sikuwa na jibu. Mteja yuko umbali wa dakika kumi kutoka hapa, nami sina jibu."

Kisha akasema jambo ambalo lingebaki kwake milele kama ningeendelea na "mbona": "Tumbaku naijua, nimekaa hapa miaka. Sikukupa 3 kwa sababu ya tumbaku."

Utetezi wangu wote ulikuwa unajibu shtaka ambalo hakuna aliyenishtaki. Asilimia zilikuwa sahihi, na hazikuhusika. "Ufuatiliaji" kwangu ulimaanisha kwenda kwa mteja. Kwake ulimaanisha yeye kujua. Neno moja, watu wawili, mwaka mzima. Ndiyo maana nasisitiza kuomba tukio: maneno ya kwenye fomu, kama "ufuatiliaji", "ushirikiano" au "kujituma", kila mtu anayajaza maana yake. Tukio likitajwa, maana yake ndiyo inayoonekana.

Kikao kilikuwa na hatari zake. Aliposema tarehe 11 haina kitu, ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye "ndiyo, lakini". Nilichofanya ni kuandika alichosema, kisha nikamrudishia kwa maneno yangu: "Kwa hiyo shida siyo kwamba sikwenda, ni kwamba hukujua nimekwenda mpaka mwisho wa mwezi." Akasema, "Hapo hapo." Ukiweza kurudisha maneno ya mtu akakubali kwamba ndiyo aliyomaanisha, umeshaonekana msikivu bila kujitangaza.

Na hesabu ya tumbaku? Niliitoa mwishoni, kama taarifa ya kupangia: "Kwenye ratiba ya Julai nina milioni 4.1 za wakulima wanaosubiri malipo ya chama. Nikuletee orodha yao peke yake, ili makao makuu wakiuliza uwe nayo?" Ni ukweli uleule wa ule usiku. Mwanzoni ulikuwa ngao, mwishoni ukawa msaada kwake. Kuna tofauti kubwa kati ya kueleza na kujitetea, na mara nyingi tofauti hiyo iko kwenye mpangilio tu: ukieleza kabla hujasikiliza, unajitetea.

Utajuaje kikao kinaanza kuharibika? Angalia bosi anapopanda juu kwenye mambo ya jumla. Alikuwa anataja mteja na tarehe, ghafla anasema "ila kwa ujumla uko vizuri", au anaanza kukusomea fomu neno kwa neno, au anaanza kuhadithia wafanyakazi wengine. Hapo jua umemsukuma. Usiendelee kueleza. Rudi kwenye tukio la mwisho alilolitaja: "Ulikuwa unasema kuhusu tarehe 16."

Neno la kuombea

Ukiacha umbo la swali, kuna neno lenyewe la kuombea, na hapa Kiswahili kinatupa nafasi ya kuchagua. Nimeyaweka ubavu kwa ubavu kama nilivyoyaona yakifanya kazi ofisini.

| Ukisema | Mara nyingi unapata |
|---|---|
| "Naomba mrejesho" | Ripoti ya yaliyopita, kwa lugha ya fomu |
| "Naomba maoni" | Jambo la kupendeza na fupi |
| "Niambie nilipokosea" | Kimya, au "hujakosea" |
| "Naomba ushauri wako kuhusu..." | Kitu cha kufanya, mara nyingi na mfano |

Hilo la tatu linashangaza watu, maana linasikika kama unyenyekevu wa hali ya juu. Lakini linamfanya bosi awe hakimu, na wengi wetu tumelelewa tusimwambie mtu mzima kosa lake machoni pake. Ushauri, kinyume chake, ni jambo la heshima kuombwa. Mtu anayeombwa ushauri anafikiria yajayo, na humo ndani anakuambia kasoro bila kulazimika kuiita kasoro. Mimi nachagua "ushauri" karibu kila mara, na "mrejesho" naliacha kwenye barua pepe za ofisi.

Ila kuna bosi mmoja wa kuwa naye makini: aliye mdogo wako kwa umri. Tabora na Kigoma siku hizi wapo wengi, vijana wanaokuja kuongoza tawi lenye watu wa miaka 50. Mtu mzima akimwambia kijana "nifundishe" au "naomba ushauri wako", kijana anaona aibu na anakimbilia sifa: "aa mzee, wewe ndiyo mwalimu wetu". Hapo tumia lugha ya kazi ya pamoja: "Meneja, tukae dakika 15 tuangalie ile ziara ya Mei, nataka ya Agosti iende tofauti. Wewe uliionaje?" Umempa nafasi ya kusema bila kumpandisha wala kujishusha.

Lini, na kwa njia ipi

Siku ileile ni mapema mno. Si kwa bosi, ni kwako: bado una joto, na joto linapita hata kwenye maandishi yenye shikamoo. Mwezi mmoja ni mbali mno, kwa kuwa mifano imeshamtoka kichwani na atakurudishia sentensi za fomu. Mimi naona siku mbili hadi nne za kazi ndizo bora. Zangu zilikuwa tisa kwa sababu nilikuwa nimeharibu na nilihitaji vumbi litulie.

WhatsApp itumike kuomba muda, siyo kuzungumza jambo lenyewe. Jambo lenyewe lizungumzwe ana kwa ana, na kwenye tawi lenye chumba kimoja na kizigeu cha mbao, saa ile kabla ya kufungua ni bora kuliko mchana wenye wateja kwenye foleni. Mji wetu ni mdogo, utakutana na bosi sokoni, kanisani au msikitini, na kwenye kamati ya harusi. Usimvizie huko. Hata swali zuri likiulizwa mbele ya watu wa harusi linakuwa deni.

Walio serikalini wana faida ambayo sisi wa taasisi binafsi hatuna. Tangu utumishi wa umma ulipotoka kwenye OPRAS, utaratibu wa zamani wa tathmini, na kuingia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, kazi zinajazwa moja moja kwenye mfumo. Huhitaji kumwomba msimamizi akumbuke tukio kutoka hewani. Fungua kazi ambayo alama yake imekushangaza, itaje kwa jina kama ilivyo kwenye mfumo, na umuulize angependa kuona nini tofauti kwenye kazi kama hiyo robo ijayo.

Pale ambapo namna ya tatu haifai

Kama takwimu yenyewe si sahihi, yaani umehesabiwa mikopo ya afisa mwingine, au siku za likizo zimeandikwa utoro, usiifiche ndani ya ombi la ushauri. Bosi ataling'amua, na safari nyingine ombi lako la kweli litaonekana mtego. Hilo ni sahihisho. Liandike lilivyo, fupi, na ushahidi wake, na utumie sehemu ya maoni ya mfanyakazi kwenye fomu kama ipo.

Vilevile kama tathmini imeanza kugusa ajira yako, kwa onyo la utendaji duni au muda maalumu wa kujirekebisha, umeshaingia eneo jingine. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri akueleze kasoro, akuongoze na akupe nafasi ya kurekebisha kabla ya kuachishwa. Hapo omba vigezo kwa maandishi bila aibu, na mshirikishe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama mnacho. Ule ujumbe wangu wa kwanza ulikosea "mbona" na saa mbili usiku. Ombi la vigezo lenyewe lina mahali pake.

Tukirudi kwa mama na daftari. Jioni ya Ijumaa ile nilimwandikia barua pepe ya mistari mitatu: ziara itaandikwa siku ileile, mteja aliyepitisha siku tatu bila rejesho atatajwa kwake kwa ujumbe mfupi, orodha ya wakulima itakuja kila Jumatatu. Wiki ya nne nilibeba daftari mezani kwake kabla hajaniita, nikafungua kurasa za Agosti, nikamuuliza kama hivi ndivyo alivyomaanisha. Akasoma kurasa mbili, akachukua kalamu yangu, akachora mstari pembeni ya ukurasa: "Hapa uwe unaandika ahadi ya mteja, kiasi na tarehe. Hiyo ndiyo ninayoulizwa kwanza."

Safari hii sikuwa nimemwomba mrejesho wowote.